Unauza PS4 iliyotumika: uiache na akaunti, uifute nyumbani, au uifute mbele ya mnunuzi?

Tangazo la PS4 iliyotumika huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mara nyingi ni la mstari mmoja: "PS4 kali, pedi mbili, magemu ndani, bei maelewano." Anayelisoma akiwa Njombe au Tunduma hapati cha kushika. Diski ya ndani ya kuhifadhia ina ukubwa gani? Pedi ni za asili au feki? Na hizo gemu zilizomo ndani zimenunuliwa kwa akaunti ya nani? Huyo mwenye akaunti akijiondoa kesho, zitaendelea kufunguka?

Swali hilo la mwisho ndilo linalozaa ugomvi, na jibu lake linatokana na uamuzi ambao muuzaji anatakiwa kuufanya kabla hajapiga hata picha ya kwanza. Njia ziko tatu. Unaweza kuiuza mashine ikiwa bado na akaunti yako na gemu zake. Unaweza kuondoa akaunti na kufuta kila kitu nyumbani, kisha ndipo utangaze. Au unaweza kuiacha ilivyo hadi mnunuzi afike, aijaribu, halafu mfute mkiwa pamoja. Kila njia ina mtu wake. Nimechukua PS4 Slim kama mfano kwa maelezo yote, kwa hiyo anayeuza Xbox au Nintendo asinakili hatua hizi, maana huko akaunti zina utaratibu mwingine.

## Vigezo vya kulinganisha

Diski. Boksi si ushahidi. Diski ya PS4 Slim hukaa nyuma ya kifuniko kidogo, na mwenye bisibisi ya nyota anaweza kuibadilisha kwa dakika chache. Kuna boksi za 500GB zenye diski ya 1TB ndani, na kuna kinyume chake. Kinachoaminika ni skrini: fungua `Settings`, kisha `Storage`. Usishtuke ukikuta mashine ya 500GB inaonyesha GB 400 na kitu tu, kwa sababu mfumo wenyewe unachukua sehemu yake na hesabu ya GB kwenye kompyuta hutofautiana kidogo na ile ya kiwandani. Gemu moja kubwa ya mpira inaweza kula GB 40 au zaidi, kwa hiyo nafasi iliyobaki wazi ina maana kwa mnunuzi kama ilivyo ukubwa wa jumla.

Pedi. Idadi peke yake haitoshi. Mnunuzi anataka kujua kama ni za asili, kama chaji inakaa, na kama kuna fimbo inayovuta yenyewe bila kuguswa. Pedi ya asili iliyokuja na Slim ina modeli `CUH-ZCT2` kwenye lebo ya mgongoni, na mwanga wake unaonekana pia kama mstari mwembamba juu ya kile kibao cha kugusa. Pedi feki nyingi zinaiga hata lebo, kwa hiyo jaribu vilevile spika ya pedi na kibao cha kugusa ndani ya gemu.

Ukanda. Hapa watu wanachanganya mambo matatu. Diski za gemu za PS4 hazifungwi kwa ukanda: diski iliyotoka Marekani inacheza kwenye mashine ya Ulaya. Diski za filamu ndizo zinazofungwa, kwa DVD na kwa Blu-ray, kulingana na mahali mashine ilikouzwa mara ya kwanza. La tatu ni akaunti. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, ndiyo maana akaunti nyingi za huku zimefunguliwa kwa jina la Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Nchi ya akaunti haibadilishwi baada ya kuifungua. Kadi za malipo lazima zilingane na nchi hiyo, na nyongeza za gemu zinazonunuliwa mtandaoni lazima zilingane na ukanda wa diski yenyewe. Modeli iliyoandikwa nyuma ya mashine inakuambia ilikotoka: `CUH-2015A` ni ya Marekani, `CUH-2016A` ni ya Uingereza na Ulaya. Ukiwa hapohapo nyuma, soma pia volti. Umeme wetu ni wa volti 230, na lebo inayosema 100-240V inakutosha bila kibadilishi.

Akaunti. Gemu iliyopakuliwa kwenye mtandao ni mali ya akaunti, si mali ya mashine. Kila akaunti inaruhusiwa PS4 moja tu kuwa mashine yake kuu, ile ambayo skrini inaiita `Primary PS4`. Kwenye mashine hiyo, gemu za akaunti zinafunguka kwa mtumiaji yeyote, hata bila intaneti. Mwenye akaunti akiiondoa mashine kwenye nafasi hiyo, gemu zinapata alama ya kufuli pindi mashine itakapogusa mtandao. Anaweza kufanya hivyo akiwa mbali, kupitia tovuti ya akaunti, kwa kuondoa vifaa vyote kwa mpigo mmoja, jambo linaloruhusiwa mara moja kila miezi sita. Gemu za diski haziguswi na hayo yote. Ila kumbuka kwamba gemu ya diski, hata ikiwa imeshajisakinisha ndani, haifunguki bila diski yake. Muuzaji anayehesabu gemu za namna hiyo kama "zimo ndani" huku diski ameshauza anamdanganya mnunuzi, hata kama hakukusudia.

## Njia ya kwanza: kuiuza ikiwa na akaunti yako

*Diski.* Mnunuzi anapata gemu zikiwa tayari zimejaa. Kwa kijana asiye na bando la kupakua GB 40, hilo ni jambo kubwa na ndilo linalopandisha bei. Lakini nafasi iliyobaki ni ndogo, na akitaka kuongeza gemu yake atalazimika kufuta mojawapo ya zako, ambayo hawezi kuipakua tena bila wewe.

*Pedi.* Ni rahisi kuzijaribu kwa kuwa gemu ziko tayari. Dakika kumi za mechi zitaonyesha fimbo mbovu kuliko maelezo yoyote.

*Ukanda.* Mnunuzi anarithi nchi ya akaunti yako. Kama uliifungua ya Marekani na yeye ana kadi ya Afrika Kusini, haitakubali.

*Akaunti.* Upande wa mnunuzi, mashine inafanya kazi vizuri muda wote usipojiondoa, na asipoifuta yeye mwenyewe kwa bahati mbaya. Siku ikigoma na fundi akamwambia aifute ianze upya, gemu zote zimekwenda. Pia, kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili, kila atakapotaka kuingia upya namba ya kuthibitisha itakuja kwenye simu yako. Mnunuzi yuko Makete, wewe uko shambani Mufindi ambako mtandao hausomi, na mashine inasubiri namba ambayo muda wake unakwisha.

Upande wako hatari ni kubwa zaidi. Akaunti imebeba barua pepe yako, jina lako, pengine na kadi ya benki uliyoihifadhi kwa manunuzi. Mnunuzi akitukana watu mtandaoni, inayofungiwa ni akaunti yako pamoja na kila ulichonunua. Na masharti ya PlayStation hayaruhusu kuuza au kumhamishia mtu mwingine akaunti, kwa hiyo likitokea tatizo hakuna wa kumlalamikia, si wewe wala yeye.

*Inamfaa nani.* Ndugu wa nyumba moja au rafiki wa miaka mingi, ambaye mnaweza kukaa mkakubaliana kwa maneno ya wazi kwamba akaunti inabaki yako na gemu ni za kuazimwa. Mwenye kibanda cha gemu anayetaka kuanza kazi kesho atavutiwa nayo, na kama haunganishi mashine na intaneti itamtumikia muda mrefu. Aelewe tu kwamba amenunua mashine, na gemu anazitumia kwa hisani yako.

## Njia ya pili: kuifuta nyumbani kabla ya kutangaza

*Diski.* Mnunuzi anapokea nafasi yote ikiwa wazi, na picha ya skrini ya `Storage` inaonyesha ukubwa halisi bila ubishi. Picha hiyo piga kabla ya kufuta, ukiwa bado na mtumiaji ndani, maana baada ya kufuta mashine itaanzia kwenye ukurasa wa kuchagua lugha.

*Pedi.* Hapa njia hii ina udhaifu. Mashine tupu haina gemu ya kujaribia. Bakiza diski moja hata kama huiuzi. Itajaribu pedi na mdomo wa diski kwa pamoja.

*Ukanda.* Mnunuzi anafungua akaunti ya nchi anayoitaka. Kama unampa na diski, mtajie ni za ukanda gani. Kasha lenye alama ya ESRB ni la Marekani, lenye PEGI ni la Ulaya.

*Akaunti.* Mpangilio wa hatua una maana kubwa, kwa hiyo nauandika wote. Kwanza nakili kumbukumbu za michezo yako kwenye flashi kupitia `Application Saved Data Management`, kama bado unazitaka. Pili, unganisha mashine na intaneti (hotspoti ya simu inatosha), kisha ingia `Settings`, `Account Management`, `Activate as Your Primary PS4`, na uchague `Deactivate`. Hatua hii ndiyo inayohitaji mtandao. Tatu, rudi `Settings`, `Initialization`, `Initialize PS4`.

Hapo mashine itakuuliza `Quick` au `Full`. Ya kwanza ni ya dakika chache, ya pili inapitia diski nzima na huchukua saa kadhaa. `Full` ndiyo salama zaidi kwa siri zako, lakini umeme ukikatika katikati mashine inaweza kushindwa kuwaka na kudai programu ya mfumo iwekwe upya. Kati ya Novemba na Aprili, mvua zikiwa zimeshika Mbeya na Iringa, nisingeianza `Full` jioni yenye radi. Ianze asubuhi palipotulia, au tumia `Quick` kisha ubadilishe nenosiri la akaunti siku hiyohiyo.

Ikitokea umeme umekatika kweli, usiitupe. Zima, kisha shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama saba hadi usikie mlio wa pili, na uchomeke pedi kwa waya. Utaona orodha ya `Safe Mode`. Namba 6 inafuta tena. Namba 7 inafuta na kuweka mfumo upya, na inadai faili `PS4UPDATE.PUP` kutoka tovuti ya PlayStation, likiwa kwenye flashi ndani ya folda `PS4`, kisha `UPDATE`.

*Inamfaa nani.* Anayemuuzia mtu wa mbali, anayetuma kwa basi, na yeyote anayetaka muamala uishe siku hiyohiyo asipigiwe simu tena. Utapokea bei ya mashine peke yake. Gemu za kupakua ulizolipia hazitahesabiwa, na wapo watakaokupita wakifuata tangazo la "magemu ndani".

## Njia ya tatu: kuifuta mnunuzi akiwepo

Njia hii inabeba uzuri wa zile mbili, na inadai muda na nafasi kutoka kwenu wote.

*Diski.* Mnunuzi anaona mwenyewe skrini ya `Storage`, kabla na baada.

*Pedi.* Mnacheza mechi moja ya watu wawili. Hakuna jaribio linalozidi hilo, maana pedi zote mbili zinafanya kazi kwa pamoja na mashine inapata joto kiasi cha kusikia kama feni inanguruma. Feni inayopiga kelele ndani ya dakika chache ina vumbi au mafuta yaliyokauka juu ya prosesa. Hilo linatengenezeka, lakini liingie kwenye bei.

*Ukanda.* Geuzeni mashine msome modeli na volti pamoja. Mnunuzi akiwa na akaunti yake, aingie kwenye mtandao baada ya kufuta. Mashine iliyofungiwa na PlayStation kwa makosa ya mwenye zamani itamkatalia palepale, na hilo halionekani kwa kuitazama mashine tu.

*Akaunti.* Anakuona ukichagua `Deactivate`, anaona `Initialize`, anaona ukurasa wa lugha. Hapa tumieni `Quick`, kwa sababu hakuna atakayekaa saa nne kibandani akisubiri `Full`. Ukifika nyumbani badilisha nenosiri.

*Inamfaa nani.* Watu wa mji mmoja. Soko la Mwanjelwa au mitaa ya Miyomboni kuna mafundi wenye televisheni na umeme, na wengi watakuruhusu kutumia meza yao kwa malipo kidogo. Haimfai muuzaji asiye na televisheni ya kuonyeshea, wala anayepokea wateja wengi kwa siku. Na jihadhari: mashine haifutwi kabla ya malipo kukamilika. Mnunuzi akighairi baada ya kufuta, umepoteza kile ambacho mteja wa njia ya kwanza angekilipia.

## Mfano mmoja, kutoka kwenye mashine hadi tangazo

Tuseme muuzaji yuko Uyole na mnunuzi anayeulizia yuko Mafinga. Mashine ni Slim ya Ulaya yenye 500GB. Pedi ni mbili, moja ya asili ambayo fimbo ya kushoto inavuta, nyingine si ya asili lakini nzima. Gemu ziko sita: nne zimepakuliwa kwa akaunti ya Marekani, mbili ni za diski, na moja ya diski hizo ina alama ya ESRB.

Zile nne haziuziki. Zinabaki na akaunti, kwa hiyo zisitajwe kabisa kwenye tangazo, hata kwa kudokeza. Za diski zinakwenda zote mbili, ila ile ya ESRB itadai akaunti ya Marekani siku mnunuzi akitaka nyongeza zake. Pedi inayovuta itajwe wazi, maana mnunuzi wa Mafinga ataigundua dakika ya kwanza na hatakuamini kwa lolote lililobaki. Kwa kuwa hawataonana, njia ni ya pili, ikiambatana na video moja isiyokatwa: lebo ya nyuma, skrini ya `Storage`, pedi zote mbili zikitumika, `Deactivate`, `Initialize`, hadi ukurasa wa lugha. Tangazo lake lingesomeka hivi:

> Nauza PS4 Slim, modeli CUH-2016A (Ulaya), umeme 100-240V. Diski 500GB, skrini inaonyesha GB 400 na kitu, yote iko wazi. Pedi mbili: moja ya asili, fimbo ya kushoto inavuta kidogo; moja si ya asili, nzima. Gemu mbili za diski, moja ya Ulaya, moja ya Marekani. Hakuna gemu za kupakua. Akaunti yangu imeondolewa na mashine imefutwa, video ipo. Niko Uyole, Mbeya. Natuma kwa basi. Bei maelewano.

Ni refu kuliko mazoea, lakini karibu kila swali ambalo mnunuzi angepiga simu kuuliza limeshajibiwa.

## Uchague ipi

Mnunuzi akiwa mji mwingine, ifute nyumbani na umtumie video. Usikubali kumtumia mashine yenye akaunti kwa ahadi kwamba "nitaifuta nikifika", hata akiongeza bei, kwa sababu ikishapanda basi huna tena uwezo wa kuona kinachofanyika.

Akiwa mji wako na ana wasiwasi kama mashine ni nzima, mwite, mcheze, mlipane, mfute.

Akiwa mdogo wako au jirani anayetaka gemu zako hasa, akaunti inaweza kubaki, kwa masharti: ondoa kadi ya benki, badilisha nenosiri ili lisiwe lile la barua pepe yako, na mkubaliane nini kitatokea siku utakaponunua PS4 nyingine na kuitaka iwe mashine yako kuu.

Kama umeshaiuza na ukakumbuka baadaye kwamba hukuiondoa akaunti, ingia tovuti ya akaunti ya PlayStation kwa simu, ondoa vifaa vyote, badilisha nenosiri. Mpigie mnunuzi kwanza umwambie, ili aifute mashine na kuanza na akaunti yake kabla hajakuta kufuli kwenye kila gemu.

Na kama wewe ndiye mnunuzi, ukiona "magemu ndani" uliza mawili tu: yamepakuliwa au ni ya diski, na kama ni ya diski, diski ziko wapi. Muuzaji asiyeweza kukujibu mara moja, mwombe mkutane mezani kwa fundi.